Kupanda nafasi ya tatu bila mlio wa kuteleza

Gitaa lina vyuma shingoni vinavyomwonyesha mpigaji pa kubonyeza. Fidla haina. Kwenye uzi wa A, mkono ukiwa nafasi ya kwanza, kidole cha shahada hutoa noti B. Mkono ukipanda hadi nafasi ya tatu, kidole hichohicho hutoa D. Kwa fidla ya mtu mzima, kutoka B hadi D ni kama sentimita 4.5 za ubao mtupu, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: ama fidla inalia kama paka njiani, ama mkono unafika pasipo penyewe.

Wengi hudhani dawa ni kasi, kwamba mkono ukirushwa haraka mlio hautapata nafasi ya kusikika. Kwa maoni yangu dhana hii imeharibu mikono mingi kuliko kosa lingine lolote la fidla. Mkono unaorushwa hukakamaa, na mkono uliokakamaa haujui pa kusimama. Mlio hautokani na mwendo wa polepole, bali na uzito wa kidole. Uzi uliokandamizwa hadi ubaoni hulia kila mahali kidole kinapopita. Kidole kikilegea hata uzi ukaachana na ubao, huku ngozi ikiendelea kuugusa tu, mlio hufifia na njia haipotei.

Tuchukue mfano mmoja: kutoka B hadi E ya juu yake, kidole cha kwanza kikianza na cha pili kikimaliza. Kishawishi ni kuruka na kidole cha pili na kukiburuza hadi E. Usifanye hivyo. Kinachosafiri ni kidole cha kwanza. Piga B, kilegeze kidole, kisha mkono mzima upande pamoja, kidole gumba kikiwemo, kwani gumba likibaki nyuma litauvuta mkono na noti itakuwa chini. Kidole cha kwanza kikishafika D ndipo cha pili kinapotua kwenye E.

Kwa siku kadhaa piga D hiyo kwa sauti, polepole: B, D, E. Ni noti ya njiani, haimo katika wimbo, lakini ndiyo inayoufundisha mkono umbali. Taratibu ifupishe, mpaka kidole kiifikie bila sikio la msikilizaji kuipata. Upinde nao una kazi yake. Wakati wa kuhama upunguze mwendo na uzito kidogo, bila kuusimamisha. Ukiusukuma kwa nguvu wakati huo, hata kidole kilicholegea kitasikika.

Utajuaje kwamba D ni sahihi? Fidla yenyewe itakujibu. D hiyo iko oktava moja juu ya uzi mtupu wa D. Ukiipata sawasawa, uzi huo unavuma wenyewe bila kuguswa na upinde na sauti inajaa. Unyamazishe kwa ncha ya kidole, utasikia uhai ukipungua. E nayo ni sawa kabisa na uzi mtupu wa E. Ukikosea milimita 3 tu kwenye D, umetoka karibu sehemu moja ya tano ya nusu toni, na mvumo unatoweka.

Kuna kosa jingine linalojificha hapa. Kutoka B hadi C kali katika nafasi ya kwanza ni kama milimita 32, lakini kutoka D hadi E katika nafasi ya tatu ni kama 27, ingawa zote ni toni nzima. Kadiri unavyopanda, noti zinasogeleana. Mwanafunzi anayeacha vidole vikiwa vimetanuka vilevile atafikisha D vizuri, halafu E itakuwa juu, naye atalaumu safari ilhali kosa liko kwenye upana wa vidole.

Katika taarab mpigaji wa fidla huteleza makusudi, na huo ni urembo. Lakini yeye huchagua pa kuteleza. Asiyeweza kuhama kimya hana uchaguzi.

Kushuka ni kugumu zaidi, kwani mkono unaporudi huivuta fidla itoke begani. Mwaka 1756 Leopold Mozart, katika kitabu chake cha mafunzo ya fidla, alishauri mkono uhame wakati uzi mtupu unalia, na sababu inaeleweka: kidevu hakikuwa na kishikio. Kishikio cha kidevu kilikuja na Louis Spohr, karibu mwaka 1820. Hata leo, kabla ya kushuka, kichwa kiache uzito wake kidogo juu ya fidla, kisha gumba lianze kurudi nyuma kabla ya vidole. Kidole cha kwanza kiko D, kinalegea, na gumba tayari linakisubiri B.