Bitcoin Inapokatwa Nusu (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliona namna wachimbaji wanavyoshindana kuongeza bloku moja kwenye daftari la Bitcoin kila baada ya dakika kumi hivi. Leo tuyatazame malipo yao, maana humo ndimo sarafu mpya zinamozaliwa. Humo pia ndimo yanamotoka madai yanayowafanya watu wauze hata mifugo wanunue Bitcoin: sarafu ni milioni 21 tu, mgawo hukatwa nusu kila miaka minne, basi bei lazima ipande. Mambo mawili ya mwanzo ni kweli. La tatu halitokani nayo.

Bloku ya kwanza, ya Januari 2009, ilitoa sarafu 50. Kila zinapotimia bloku 210,000, mgawo hukatwa nusu: 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, na 3.125 tangu tarehe 20 Aprili 2024. Kiini chake katika programu ni mistari miwili:

```
CAmount nSubsidy = 50 * COIN;
nSubsidy >>= halvings;
```

Mstari wa pili hugawanya mgawo kwa mbili kwa kila awamu iliyokwisha kupita. Ukijumlisha awamu zote unapata pungufu kidogo ya milioni 21. Kikomo hicho, basi, ni jumla ya migawo inayozidi kusinyaa hadi iishe, karibu na mwaka 2140. Kufikia Aprili 2024 zilikuwa zimekwisha kutolewa zaidi ya milioni 19.6.

Bei ya dhahabu ikipanda, wachimbaji wadogo wa Geita huweza kurudi kwenye mashimo waliyoyaacha, na dhahabu ikaongezeka sokoni. Kwa Bitcoin hilo haliwezekani. Mashine zikiongezeka, kila baada ya bloku 2,016 mtandao huongeza ugumu wa kazi ili bloku zisitoke haraka kupita kiasi. Uhaba huu ni wa kweli, nami siubezi. Lakini ugavi usipoweza kuitikia bei, mzigo wote wa kuipandisha na kuishusha hubaki kwa wanunuzi na kwa wale ambao tayari wanazo sarafu. Ndiyo maana bei huyumba sana, juu na chini.

Sasa tupige hesabu ya mwaka 2024. Kwa siku hutoka bloku 144 hivi. Kabla ya Aprili zilizaa sarafu 900, baadaye 450. Pengo ni sarafu 450 kwa siku. Miezi miwili tu baadaye, kati ya Juni na Julai, jimbo la Saxony nchini Ujerumani liliuza karibu sarafu 50,000 zilizokamatwa katika kesi ya jinai. Gawa kwa 450: muuzaji mmoja, kwa wiki chache, alirudisha sokoni kiasi kilichookolewa na ukataji kwa siku 111. Mapema Julai bei ilishuka chini ya dola 55,000, ilhali siku ya ukataji ilikuwa karibu 64,000. Sitasema Saxony peke yake ndiyo iliyoishusha. Ninachosema ni kwamba sarafu yoyote iliyokwisha kuchimbwa yaweza kuuzwa leo, na hizo ni milioni nyingi, wakati mpya ni mamia kwa siku.

Tena tarehe ya ukataji hukadiriwa miaka kabla. Anayeamini bei itapanda siku hiyo hangoji ifike. Hununua mapema, na imani yake huingia katika bei mapema.

Wapo watakaonijibu kwa historia: baada ya 2012, 2016 na 2020 bei ilipanda mara nyingi. Kweli, lakini matukio matatu ni machache mno, na la mwisho liliangukia wakati benki kuu za dunia zilipokuwa zimeshusha riba karibu na sifuri. Ipo pia Litecoin, iliyonakiliwa kutoka Bitcoin, yenye kikomo cha milioni 84 na ukataji uleule. Ilikatwa nusu Agosti 2019, bei ikiwa karibu dola 100. Kufikia Desemba ilikuwa karibu 40. Uhaba uliongezeka, wanunuzi wakapungua. Bitcoin yenyewe ilipoanguka chini ya dola 16,000 Novemba 2022, hakuna hata mstari mmoja wa ratiba yake uliokuwa umebadilika.

Ukataji una athari moja ya uhakika, nayo humpata mchimbaji. Mgawo wake hupungua nusu kati ya bloku moja na inayofuata, huku bili ya umeme ikibaki palepale. Bei isipopanda, wenye umeme ghali huzima mashine, bloku huchelewa kwa muda, kisha ugumu hushuka na waliobaki huendelea. Kadiri mgawo unavyokaribia sifuri, watategemea zaidi ada za wanaotuma fedha. Je, ada hizo zitatosha kuulinda mtandao? Hilo ndilo somo la wiki ijayo.