Jinsi ya Kuandika Imeili ya Kumkaribisha Mfanyakazi Mpya Ili Asikwame Getini Siku ya Kwanza

Mazee, hii imewahi kukupata? Jumatatu asubuhi, shati limepigwa pasi, viatu viking'aa, unafika kwa kazi mpya na soja wa geti anakuuliza, "Umekuja kuona nani?" Unamwambia umeandikwa kazi hapa. Anakuangalia juu hadi chini, anapiga simu ndani, na huko ndani pia hakuna mtu mwenye rada.

Cha kushangaza ni kwamba mara nyingi imeili ya kukukaribisha ilitumwa. Shida ni vile iliandikwa. Unajua zile: "Tunafurahi kumkaribisha Achieng katika familia yetu. Ana tajriba kubwa na bidii. Tafadhali mpeni ushirikiano." Wasee wote wanajibu "Karibu sana" na stori inaishia hapo. Hakuna aliyeambiwa afanye nini, kwa hivyo hakuna anayefanya kitu.

Wacha tuchukue mfano mmoja tuumalize. Tuseme kampuni inauza vifaa vya ujenzi jijini Nairobi na imemwandika Achieng kuwa mratibu wa mizigo. Kabla aje, madereva walikuwa wakimpigia Kevo wa stoo kila mara lori likichelewa ama mteja akikataa kupokea simiti. Kuanzia sasa, hizo simu zinafaa kwenda kwa Achieng.

Cheo peke yake hakisemi kitu

Ukiandika "mratibu wa mizigo" ukaachia hapo, kila mtu atajitafsiria. Dereva atadhani ni mdosi mpya wa kumchunga. Watu wa mauzo watadhani ni karani wa kujaza fomu. Eleza kazi kwa maswali ambayo watu watampelekea: lori limekwama, mteja amebadilisha siku, risiti ya mzigo imepotea. Halafu useme ni yapi yanabaki palepale. Kuhesabu bidhaa na kufungua stoo bado ni kazi ya Kevo.

Na hapa ndipo wengi huchoma. Kevo asisome kwenye imeili, pamoja na watu wengine wote, kwamba sehemu ya kazi yake imepewa mtu mwingine. Ataona ni kama anasukumwa nje polepole, na Achieng ndiye atalipia hiyo hasira bila kujua kosa lake. Mdosi amwite kando siku kadhaa kabla, amweleze kinachoondoka na kinachobaki, kisha amuonyeshe ile sentensi inayomhusu kabla imeili itumwe.

Tarehe: siku, mwezi na saa

Usiandike "wiki ijayo." Atakayesoma imeili Jumatatu hatajua ni wiki gani. Usiandike "5/10" pia kama kuna wenzenu walio Amerika, kwa sababu huko hiyo husomwa tarehe 10 Mei. Andika "Jumatatu, 5 Oktoba 2026, saa mbili asubuhi."

Angalia kalenda pia. Watu hupenda kusema mtu anaanza "tarehe moja," wanasahau kwamba 1 Mei ni sikukuu ya wafanyakazi na 1 Juni ni Madaraka. Mgeni anafika, ofisi imefungwa.

Itume siku mbili au tatu za kazi kabla ya siku yenyewe. Kwa Achieng, Alhamisi asubuhi iko sawa: msee wa kompyuta bado ana muda wa kutayarisha laptopu na paswodi, na watu hawajasahau ikifika Jumatatu. Ukituma Ijumaa jioni, itasomwa Achieng akiwa tayari amesimama mapokezi.

"Mpeni ushirikiano" sio maagizo

Msaada lazima uwe na mtu, kitendo na saa. Mambo matatu yanatosha. Ukiweka kumi, hakuna atakayesoma hadi mwisho.

Na usisahau wasio na imeili ya kazi. Soja, mama wa chai na madereva ndio watu wa kwanza Achieng atakutana nao, na ndio huachwa nje. Chapisha nakala moja uipeleke getini, na nyingine uibandike pale madereva huchukulia funguo. Ama uiweke kwa grupu yao ya WhatsApp.

Haya yaache nje

Mshahara, sababu ya aliyekuwa hapo kuondoka, afya yake, na kama ameolewa ama ana watoto. Kuandika "mama wa watoto wawili" huonekana kama ukarimu, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka hali ya ndoa, mambo ya familia na afya kwenye kundi la data nyeti. Namba yake binafsi ya simu pia usiirushe kwa kila mtu. Kama kuna laini ya kazi, weka hiyo.

Dawa ni rahisi: mtumie Achieng mwenyewe aisome kwanza. Atakuambia kama jina limeandikwa vile anavyopenda kuitwa na kama yuko sawa na picha yake kutumika.

Sasa yote pamoja

> Mada: Achieng anaanza Jumatatu 5 Oktoba, mratibu wa mizigo
>
> Habari zenu wote,
>
> Achieng anajiunga nasi Jumatatu, 5 Oktoba 2026, saa mbili asubuhi, kama mratibu wa mizigo. Atakuwa chini ya meneja wa shughuli na atakaa ghorofa ya kwanza, karibu na mauzo. Amefanya kazi ya kupanga safari za malori kwa miaka minne.
>
> Kuanzia Jumatatu, 12 Oktoba, mpelekeeni jambo lolote la lori kuchelewa, mteja kubadilisha siku au risiti ya mzigo kupotea. Hadi siku hiyo, endeleeni kumpigia Kevo. Hesabu ya bidhaa na funguo za stoo zinabaki kwa Kevo.
>
> Tunaomba mambo matatu:
>
> 1. Kevo atakaa naye Jumanne na Jumatano asubuhi, amwonyeshe njia za kila lori.
> 2. Mauzo, mtumieni orodha ya mizigo ya wiki hiyo kabla ya Jumatatu saa sita mchana.
> 3. Madereva, kila mmoja ajitambulishe kwake kabla ya kutoka na lori Jumatatu.
>
> Ukiwa na swali, uliza meneja wa shughuli.

Ona vile kuna wiki moja katikati. Achieng hapokei simu za malori siku ambayo bado anatafuta choo kiko wapi.

Wakati wa kutuma, weka anwani za wafanyakazi kwenye `Bcc`. Hivyo mtu akibonyeza `Reply All`, zile "karibu sana" arobaini hazitamfikia kila mtu.

Utajuaje kama imefanya kazi? Usihesabu majibu. Jumatano ya wiki ya pili, 14 Oktoba, muulize Kevo amepigiwa na madereva wangapi tangu Jumatatu. Kama bado simu yake inalia, usimlaumu Achieng. Kuna dereva hakusikia, ama namba mpya haikumfikia. Tembea hadi kwenye malori umwambie mwenyewe.

Na yule soja? Kama anamwambia, "Karibu Achieng, panda ghorofa ya kwanza," basi imeili yako ilifika mahali ilifaa.