Kumi Yetu Imetimu: Shairi la Mume Aliyeko Maskati

Mume ambaye miaka mingi ya ndoa yake imepita akiwa Maskati, na mkewe yuko Tanga na watoto, ana mambo mengi ya kusema siku ndoa yao inapotimiza miaka kumi. Fedha ameshatuma. Zawadi itafika ikiwa imechelewa, au haitafika. Kilichobaki ni maneno, na mtu wa pwani akitaka maneno yake yahifadhiwe huyafunga katika shairi la tarbia, yaani lenye mishororo minne kila ubeti. Umbo hili ndilo lililompa jina Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, naye alilitumia kwa kila kitu: siasa, vita, njaa na mambo ya nyumbani.

Beti zifuatazo nimezitunga mimi kwa ajili ya makala haya, nikimpa kauli mume wa namna hiyo, ili tuone shairi kama hili linavyojengwa na linavyoweza kuharibika.

Leo nashika kalamu, nimeketi kitandani,
Zamu imepisha zamu, wenzangu wako kazini,
Pokea hizi salamu, zifike Tanga nyumbani,
Kumi yetu imetimu, asante wangu mwandani.

Mama alipoumia, ulihamia wodini,
Uji ukampikia, na kijiko mkononi,
Simu hukunipigia, nisiingie hofuni,
Kumi yetu imetimu, asante wangu mwandani.

Chai yangu naiweza, tangawizi i jikoni,
Ila ladha yapooza, sijui siri ni nini,
Wewe unavyokoleza, hapana humu mjini,
Kumi yetu imetimu, asante wangu mwandani.

Mkataba ukikoma, sitaongeza mwakani,
Siku hiyo nitasema, yaliyobaki moyoni,
Leo hapa nasimama, zamu yaita kazini,
Kumi yetu imetimu, asante wangu mwandani.

Kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane. Mizani ni silabi, na njia ya hakika ya kuzipata ni kuhesabu kwa vidole huku ukitamka polepole: le-o-na-shi-ka-ka-la-mu. Anayeanza hukosea zaidi kwenye herufi m. Katika “mkononi” m hiyo inasimama peke yake, kwa hiyo neno lina mizani nne. Katika “nyumbani” m imeshikana na b, na mizani ni tatu tu. “Ukampikia” ina sita, kwa sababu m ile inamtaja mama mkwe na hutamkwa kivyake. Ukiihesabu vibaya, shairi litaonekana sawa kwenye karatasi, lakini atakayelighani atajikwaa papo hapo. Shairi lililopotoka vina au mizani huitwa guni, na wazee wa fani hawalisamehi.

Vina viko mahali pawili, mwisho wa kipande cha kwanza na mwisho wa mshororo. Humu kina cha mwisho ni “ni” tangu ubeti wa kwanza hadi wa nne, na kile cha kati kinabadilika kila ubeti: mu, a, za, ma. Mpangilio wa kushika upande mmoja na kuuachia mwingine huitwa ukara, nami nauona unamfaa mtu aliye mbali anayetunga baada ya kazi. Kina “ni” ni chepesi kupatikana kwa kuwa karibu kila jina la kitu hukipokea: wodi, wodini, jiko, jikoni. Wepesi huo una hatari yake, kwani mtunzi anaweza kujikuta anataja mahali tu na hasemi neno. Ndiyo maana “sijui siri ni nini” na neno “mwandani” yana kazi kubwa humu. Bila hayo shairi lingekuwa orodha ya vyumba.

Mshororo wa nne unarudi bila kubadilika, nao ni kibwagizo. Kuuchagua ndiyo kazi ya kwanza ya mtunzi, kabla hajaandika kingine chochote, kwa sababu lazima ukae sawa baada ya kila jambo. Hapa unafuata salamu, kisha ugonjwa wa mama, kisha chai, kisha ahadi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa na neno la kulilia umbali. Lilipendeza kwenye ubeti wa chai, lakini baada ya ubeti wa mama lilionekana la mtu anayejihurumia mwenyewe, wakati aliyekesha wodini ni mwingine. Nikaweka shukrani, na hamu nikaiachia beti zenyewe ziibebe.

Ubeti wa pili ndio uti wa shairi. Rasimu yake ilianza “Mama alipovunjika mguu”, kipande chenye mizani kumi na moja. Njia ya kulipunguza si kukata kiungo cha neno hapa na pale. Ni kutafuta jambo lilelile kwa neno fupi, na “alipoumia” likatosha, kwa kuwa mke anajua mguu ulikuwa upi. Halafu nilikuwa na mshororo wa tatu wa kumsifu kuwa ana moyo wa dhahabu. Niliufuta. Sifa hiyo anaweza kupewa mke wa mtu yeyote, na msomaji wa shairi hili ni mmoja tu. Alichofanya yeye ni kumuuguza mama mkwe siku zote zile bila kumpigia mumewe simu, asije akaacha kazi kwa wasiwasi. Kumwambia “nililijua hilo” ndiyo shukrani.

Hamu nayo inahitaji kitu cha kushikika. Nimekwepa mwezi, nyota na ua la waridi, maana vimeshachoka katika mashairi ya mapenzi, nikachukua chai ya tangawizi anayoweza kuipika lakini haikolei. Kwenye “i jikoni” badala ya “iko jikoni” mizani moja imeokolewa, na pwani usemi huo ni wa kawaida. Ruhusa za ushairi hutumika vizuri zaidi namna hii, pale ambapo msikilizaji hatambui kwamba zimetumika.

Ahadi ya ubeti wa mwisho imepimwa kwa tahadhari. Mfanyakazi wa mkataba hana mamlaka juu ya tarehe ya likizo yake, na mke atalihifadhi shairi hili. Akiandikiwa “naja mwezi ujao” na mwezi ukapita, shairi zima linageuka deni. Kutoongeza mkataba, hata hivyo, ni uamuzi wa mume mwenyewe, na anaweza kuahidi.

Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alisisitiza kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa kuimbwa. Mume huyu basi asitume maandishi pekee. Aghani mwenyewe kwa simu, kipande kwa kipande, atue pumzi kwenye mkato, kwani mizani nane kwa nane hukubali mahadhi mengi ambayo mkewe ameyasikia tangu utotoni harusini na redioni.

Naye mke, kwa desturi ya majibizano, ana haki ya kujibu kwa bahari ileile na kwa kina kilekile cha mwisho, na hapo mume ajiandae, kwa sababu anayejibu ndiye anayechagua kibwagizo kipya. Ningekuwa yeye ningemrudishia hiki:

Kumi hii nimengoja, ya pili uwe nyumbani.