Kutembea, Kukimbia na Kuruka: Jinsi Miendo ya Mhusika wa Michezo ya Kompyuta Inavyounganishwa

Mhusika wa mchezo wa kompyuta anayetoka kutembea hadi kukimbia hana animesheni moja ndefu inayoonyesha mabadiliko hayo. Ana klipu fupi kadhaa: ya kusimama, ya kutembea, ya kukimbia na za kuruka. Kila klipu hutengenezwa peke yake, na injini ya mchezo huzichanganya papo hapo kufuata kasi ya mhusika. Kazi hii hugawanyika sehemu mbili. Ya kwanza hufanyika katika Blender, programu ya bure ya kuchonga na kuhuisha maumbo ya pande tatu, na ya pili katika injini, ambayo hapa ni Godot toleo la 4. Makosa mengi yanayoonekana katika sehemu ya pili huwa yamezaliwa katika ya kwanza.

Kinachochanganywa si picha, bali ni mifupa. Ndani ya umbo la mhusika kuna kiunzi cha mifupa, na kila mfupa una mzunguko wake kwa kila fremu. Iwapo klipu ya kutembea inasema paja limekunjwa nyuzi 20 na ya kukimbia inasema nyuzi 50, injini ikizipa uzito sawa huliweka paja karibu na nyuzi 35. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila mfupa, katika kila fremu ya mchezo. Injini haijui mguu ni nini wala ardhi iko wapi. Inatafuta tu mkao wa kati baina ya mikao miwili. Kwa hiyo matokeo hupendeza pale tu mikao hiyo miwili inapofanana kwa jambo moja la msingi: mguu uliotangulia uwe uleule.

Hapa ndipo wengi hukwama. Chukua mhusika ambaye mzunguko wake wa kutembea, yaani hatua ya kushoto na ya kulia, una fremu 24, na mradi unakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Mzunguko huo huchukua sekunde moja. Mzunguko wake wa kukimbia una fremu 16, sawa na theluthi mbili za sekunde. Klipu zote mbili zikianza pamoja na mguu wa kushoto mbele, baada ya sekunde moja kutembea kumekamilisha mzunguko mmoja na mguu wa kushoto umerudi mbele, lakini kukimbia kumekamilisha mzunguko mmoja na nusu, na mbele kuna mguu wa kulia. Klipu hizo zikichanganywa nusu kwa nusu wakati huo, mapaja huvutwa pande mbili zinazopingana, na mhusika huonekana akiteleza kwa miguu iliyokaribia kunyooka. Baada ya sekunde nyingine miguu hukubaliana tena. Kasoro inayokuja na kupotea namna hiyo, hasa katika kasi ya kati, karibu kila mara ni dalili ya klipu zilizopishana mpigo.

Dawa yake ni kuzipa klipu mbili urefu mmoja tangu Blender. Klipu ya kutembea huwekewa mikao mikuu mitatu: fremu 0, kisigino cha kushoto kinagusa ardhi mbele, fremu 12, cha kulia, na fremu 24, nakala kamili ya fremu 0, ili marudio yasikatike. Klipu ya kukimbia hutengenezwa kwa fremu zake 16 kwa mpangilio huohuo wa kushoto kwanza, kisha hunyooshwa. Kishale cha muda kikiwa fremu 0, funguo zote huchaguliwa katika `Action Editor`, hubonyezwa `S`, huandikwa 1.5, na mzunguko unafika fremu 24. Ukitazamwa hapo utaonekana mzito kama wa mtu anayekimbia majini. Si kosa, kwa sababu injini itaurudishia kasi yake baadaye.

Kabla ya kunyoosha, kuna kipimo cha kuandika pembeni: umbali ambao kila mzunguko unamsogeza mhusika. Klipu hizi hutengenezwa mhusika akiwa palepale, na mguu ulio chini ndio unaorudi nyuma. Katika kutembea, kama mguu umerudi nyuma mita 0.75 kuanzia fremu 0 hadi 12, mzunguko mzima ni mita 1.5, yaani kasi ya asili ni mita 1.5 kwa sekunde. Katika kukimbia, ambako kuna muda miguu yote iko hewani, hupimwa mguu ukiwa chini tu. Ukirudi mita 0.7 kwa fremu 4, kila fremu ni mita 0.175, kwa fremu 16 ni mita 2.8 kwa mzunguko, na kwa sekunde ni mita 4.2.

Kabla ya kuhamisha faili, kila mfupa unaotumika unapaswa kuwa na ufunguo katika fremu ya kwanza ya kila klipu. Mkono usiowekewa ufunguo katika kutembea unaweza kubaki na mkao ulioachwa na klipu nyingine. Ukubwa wa kiunzi nao huthibitishwa kwa `Ctrl+A` ili usomeke 1, kisha kazi yote huhifadhiwa kama faili moja ya `.glb`. Katika Godot, klipu ambayo jina lake linaishia na `-loop` hutambuliwa kuwa ya kujirudia. Hivyo majina kama `tembea-loop` na `kimbia-loop` huokoa kazi ya kuziwekea alama moja moja.

Ndani ya Godot, nodi iitwayo `AnimationTree` ndiyo inayosimamia mchanganyiko. Kwa mwendo wa ardhini hutumika `BlendSpace1D`, ambayo ni mstari wa namba. Kusimama huwekwa kwenye 0, kutembea kwenye 1.5 na kukimbia kwenye 4.2, yaani kasi halisi zilizopimwa. Mhusika akienda mita 2.85 kwa sekunde, namba iliyo katikati kabisa ya kutembea na kukimbia, kila klipu hupata nusu ya uzito. Chaguo la `Sync` huwashwa, kwa sababu bila hilo klipu yenye uzito sifuri husimama, na ikiitwa tena huendelea kutoka ilipoachwa huku nyingine imeshakwenda mbele.

Kilichobaki ni kasi ya uchezaji. Kwa mita 2.85, mzunguko mchanganyiko una umbali wa kati ya 1.5 na 2.8, yaani karibu mita 2.15. Ili mguu usiteleze, mzunguko huo uchezwe mara 2.85 gawanya kwa 2.15, takriban 1.33 kwa sekunde. Katika kukimbia kamili jibu ni 4.2 gawanya kwa 2.8, yaani 1.5, na klipu iliyonyooshwa inarudi kwenye kasi yake ya mwanzo. Hesabu hiyo hupelekwa kwenye nodi ya `TimeScale`, ambayo katika mfano huu imepewa jina `Kasi`, huku mstari wa mchanganyiko ukiitwa `Mwendo`:

```
kasi = Vector2(velocity.x, velocity.z).length()
var uzito = clamp((kasi - 1.5) / 2.7, 0.0, 1.0)
var umbali = lerp(1.5, 2.8, uzito)
mti.set("parameters/Ardhini/Mwendo/blend_position", kasi)
mti.set("parameters/Ardhini/Kasi/scale", max(1.0, kasi / umbali))
```

Sehemu ya `max` inalinda kusimama: bila hiyo, kasi ikiwa 0 hata kupumua kwa mhusika kungeganda. Jambo jingine ni kwamba `kasi` inasomwa kutoka kwenye mwili wenyewe, si kutoka kwenye kitufe. Mhusika anayesukuma ukuta ana kasi sifuri, na miguu yake husimama.

Kuruka hakuwekwi kwenye mstari huo. Kati ya kutembea na kukimbia kuna kasi zisizohesabika, lakini hakuna robo ya kuruka: mtu yuko chini au yuko hewani. Zaidi ya hayo, muda wa kukaa hewani hauamuliwi na animesheni. Mhusika anayerushwa juu kwa mita 4.5 kwa sekunde, huku mvutano wa ardhi ukiwa 9.8, hupanda kiasi cha mita moja na kurudi chini baada ya sekunde 0.92. Akiruka vivyo hivyo kutoka juu ya paa la mita 3, atachukua karibu sekunde 1.37. Klipu moja ya kuruka haiwezi kutosha safari zote mbili. Katika mojawapo atatua miguu ikiwa bado imekunjwa, au atasimama wima angali hewani.

Kwa sababu hiyo kuruka hukatwa vipande vitatu. `Ruka` ni kujisukuma, na huwa fupi, karibu sekunde 0.2, kwa kuwa mwili huondoka mara kitufe kinapobonyezwa. `Hewani` ni mkao unaojirudia kwa muda wowote utakaohitajika, na `Tua` ni kupokea uzito kwa magoti. Katika vipande vyote kiuno hakipandishwi juu ndani ya Blender, maana injini inaupandisha mwili mzima; kikipandishwa, mhusika huruka mara mbili ya kimo chake na miguu huachana na kivuli chake.

Vipande hivyo pamoja na `Ardhini` huwa hali nne katika `StateMachine`, na mishale baina yao hubeba masharti:

```
Ardhini -> Ruka:    not is_on_floor() and velocity.y > 0.5
Ardhini -> Hewani:  muda_hewani > 0.1 and velocity.y <= 0.5
Hewani  -> Tua:     is_on_floor() and kasi < 1.5
Hewani  -> Ardhini: is_on_floor() and kasi >= 1.5
```

Mshale wa pili ni wa anayedondoka ukingoni bila kuruka. `muda_hewani` huhesabu sekunde tangu miguu iache ardhi, na kiwango cha 0.1 huzuia mhusika kutetemeka kila anapovuka kizingiti kidogo. Mshale wa nne unamruhusu anayetua mbioni aendelee kukimbia bila kusubiri `Tua` imalizike. Kutoka `Ruka` kwenda `Hewani`, na kutoka `Tua` kwenda `Ardhini`, hutumika `At End`, yaani klipu imalizike kwanza. Kila mshale hupewa muda wa kuchanganya, `Xfade Time`, wa sekunde 0.1 hadi 0.2. Ukiwa 0, mwili hushtuka, ukizidi 0.3, mhusika hutua akiwa bado na magoti ya hewani.

Kukagua kazi hii hakuhitaji jicho la msanii. Mhusika huwekwa kwenye sakafu yenye miraba, kasi hupandishwa polepole kutoka 0 hadi 4.2, na hutazamwa unyayo mmoja tu ukiwa chini. Ukiteleza katika kasi zote, umbali ulipimwa vibaya. Ukiteleza katikati pekee kwa kuja na kupotea, klipu zimepishana mpigo. Kwenye ngazi na miteremko unyayo utazama au kuelea hata kama hesabu zote ni sahihi, kwa kuwa mchanganyiko wa klipu hauioni ardhi. Hapo huhitajika mbinu nyingine ya kukunja goti kulingana na mahali unyayo ulipogusa, na hiyo huongezwa juu ya mchanganyiko uliokwisha kunyooka.