Kazi Nne za Nomino Katika Sentensi Moja ya Kijerumani

Der Lehrer gibt dem Schüler den Brief des Vaters. Maana ya sentensi hii ya Kijerumani ni kwamba mwalimu anampa mwanafunzi barua ya baba. Nomino zake nne zote ni za jinsia ya kiume, na kila moja imetanguliwa na kineno kifupi kiitwacho artikeli. Katika kamusi nomino hizo zote huandikwa na artikeli der. Hapa artikeli hiyo ina sura nne, na kila sura inaonyesha uhusika wa nomino, yaani kazi yake katika sentensi.

Der Lehrer iko katika nominativi: ndiye atendaye. Den Brief ni akuzativi, kitu kinachotolewa. Dem Schüler ni dativi, anayepokea. Kiswahili humwonyesha mtu huyo ndani ya kitenzi, kwa ile -m- ya anampa. Des Vaters ni genitivi, nayo haishikamani na kitenzi bali na barua, kama ifanyavyo ya katika barua ya baba. Ndiyo pekee hapa ambayo nomino yenyewe imeongezewa herufi, s mwishoni.

Mwenye shaka na ajiulize maswali ya Wajerumani wenyewe: wer, nani anatoa? Wen, anamwona nani? Wem, anampa nani? Wessen, ya nani? Herufi ya mwisho ya wer, wen na wem ni ileile ya der, den na dem. Wen huulizia watu. Kwa kitu kama barua huulizwa was.

Kwa kuwa kazi imeshaonyeshwa na artikeli, nomino zinaweza kuhama. Den Brief des Vaters gibt der Lehrer dem Schüler ina maana ileile, ila sasa barua ndiyo inayotiliwa mkazo. Kitenzi hubaki nafasi ya pili. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa kudhani kwamba nomino ya kwanza ndiyo kiima. Den Hund beißt der Mann haisemi kwamba mbwa anamng'ata mtu. Mtu ndiye anayemng'ata mbwa, na ushahidi ni den na der.

Msaada huo una mpaka. Kwa nomino za kike, nominativi na akuzativi zote hutumia die, kwa hiyo katika Die Katze sieht die Maus artikeli hazisemi nani anamwona nani. Msomaji hufuata mpangilio: paka anamwona panya. Isitoshe, der mbele ya nomino ya kike ya umoja si kiima kamwe, bali ni dativi au genitivi.

Kwa sababu hiyo, anayejifunza Kijerumani asikariri Brief peke yake, akariri der Brief. Asipoijua jinsia ya nomino, hawezi kuchagua artikeli wala kuisoma sawasawa.