Mteja Akiandika "ghjkfds"

Ujumbe wa `ghjkfds` ukiingia kwenye simu ya duka, mhudumu huwa na haraka ya kuufuta. Afadhali autazame kwanza. Herufi zote hizo zimekaa mstari mmoja, ule wa katikati ya kibodi, kwa hiyo yaelekea simu imebonyezwa mfukoni au imeshikwa na mtoto.

Si kila fumbo liko hivyo. Herufi na tarakimu 10 zilizochanganyika, mfano `TJ47K2M9QX`, Mkenya huzitambua mara moja: ndivyo namba ya muamala wa M-Pesa inavyoonekana. Huyo ameshalipa na anasubiri mzigo wake. Tarakimu 20 mfululizo, kwa Tanzania, huenda zikawa tokeni ya LUKU iliyokataa kuingia kwenye mita. Mwingine ameandika vizuri kabisa, ila mfumo wa dukani umeusoma ujumbe kwa mpangilio mwingine wa herufi. Hapo neno ng’ombe linatokea `ngâ€™ombe`, na salamu ya Kiarabu سلام inageuka `Ø³Ù„Ø§Ù…`. Alama za Ø na Ù zikijirudia hivyo, kosa si la mteja, na kumwambia "andika vizuri" ni kumwonea.

Basi jibu la kudumu halina budi kumfaa mwenye shida bila kumsumbua aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Mfano wake ni huu:

"Habari. Ujumbe wako umefika, lakini kwetu haukusomeka. Ukihitaji huduma, tuandikie tena kwa maneno machache, au tuma ujumbe wa sauti au picha ya risiti. Usitutumie namba yako ya siri. Kama ulibonyeza kwa bahati mbaya, si lazima ujibu."

Maneno "kwetu haukusomeka" yamewekwa makusudi, maana hayamtwishi mteja lawama. Ujumbe wa sauti humsaidia asiyezoea kuandika, au ambaye kioo cha simu yake kimepasuka na kinabonyeza chenyewe. Onyo la namba ya siri linahitajika kwa sababu mtu aliyekwama kwenye malipo huweza kutuma chochote alichonacho.

Kwenye WhatsApp Business jibu hili huhifadhiwa kama jibu la haraka, kisha mhudumu huandika mkwaju na neno fupi, tuseme `/haisomeki`, likatokea lote. Kulituma kwa mkono ni bora kuliko kuiachia mashine. Namba iliyoandika ikiwa nayo inajibu yenyewe, mashine mbili zaweza kujibizana usiku kucha. Isitoshe, mashine isiyoelekezwa itamwambia mwenye namba ya muamala kwamba hakueleweka, wakati fedha zake zimeshaingia.

Fumbo likija mara ya pili kutoka namba ileile, jibu lilelile halirudiwi. Mhudumu hutafuta namba hiyo kwenye daftari la oda, na akiikuta kuna mzigo unaosubiri kupelekwa, humpigia mteja simu saa za kazi.