Kijana akianzishiwa dawa ya mfadhaiko, mzazi akae macho wiki nne za kwanza

MAMA ametoka kliniki na pakiti ya dawa mkobani. Binti yake, mwenye umri wa miaka 16 na aliye kidato cha tatu, amekaa miezi mitatu bila kula vizuri, bila kulala, na bila kutaka kuonana na marafiki. Ushauri nasaha umejaribiwa kwa wiki kadhaa lakini hali imezidi. Daktari amesema ni mfadhaiko mkubwa wa akili, ule ambao wengi mjini huuita dipresheni, na ameandika dawa.

Wakifika nyumbani, baba anaisoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti. Anakuta onyo kwamba dawa hiyo inaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa vijana. "Mbona tumpe mtoto dawa inayoleta ugonjwa uleule?" anauliza.

Tumetoa mfano huu kwa sababu swali hilo huulizwa na karibu kila mzazi anayesoma karatasi hiyo. Ni swali la haki, na lina jibu. Ubaya ni kwamba wazazi wengi hulijibu wenyewe kwa kuificha dawa kabatini, ama humpa mtoto dawa bila kujua ni kitu gani wakiangalie.

Dawa yenyewe

Dawa iliyochunguzwa zaidi kwa vijana wenye mfadhaiko inaitwa fluoksetini. Mwaka wa 2003, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliiidhinisha itumike kwa mfadhaiko kuanzia umri wa miaka minane. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa wahudumu wasio mabingwa ni mkali zaidi. Unasema watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe dawa za mfadhaiko. Kwa walio na miaka 12 na zaidi, ushauri nasaha uanze, na ukishindwa, fluoksetini ndiyo ifikiriwe.

Hapa mzazi anafaa kujua jambo moja. Ipo dawa ya zamani iitwayo amitriptilini, ambayo hupatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Kwa mtu mzima inaweza kusaidia, lakini kwa vijana haijaonyesha faida ya maana katika kutibu mfadhaiko. Isitoshe, mtu akimeza nyingi kwa mara moja huweza kusimamisha moyo. Ikiwa kijana wako ameandikiwa hiyo kwa ajili ya mfadhaiko, rudi ukaulize sababu.

Onyo lilitoka wapi?

Mwaka wa 2004, idara hiyo ya Marekani ilikusanya matokeo ya majaribio 24 yaliyohusisha zaidi ya watoto na vijana 4,400. Baadhi yao walipewa dawa halisi na wengine wakapewa tembe zisizo na dawa ndani, bila kujua nani amepewa nini.

Njia rahisi ya kuelewa matokeo ni kuwaza wanafunzi 100 kwenye gwaride la shule. Wote 100 wakipewa tembe zisizo na dawa, takriban wawili watapata mawazo mapya ya kujiua au kufanya kitendo cha kujidhuru. Wakipewa dawa halisi, takriban wanne watapata hali hiyo. Kwa hivyo dawa inaongeza vijana wawili katika kila 100. Katika majaribio yote hayo, hakuna hata kijana mmoja aliyekufa kwa kujiua.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2004 yalitolewa matokeo ya utafiti mwingine wa Marekani uliofuata vijana 439 wa umri wa miaka 12 hadi 17 kwa wiki 12. Kati ya kila vijana 100 waliopewa tembe zisizo na dawa, takriban 35 walipata nafuu kubwa. Kati ya 100 waliopewa fluoksetini, walikuwa 61. Waliopewa fluoksetini pamoja na ushauri nasaha wa kitaalamu walikuwa 71. Na mawazo ya kujiua, yakipimwa kwa kundi zima, yalipungua badala ya kuongezeka.

Kwa hivyo jibu la baba ni hili. Dawa inawasaidia wengi, na inawaletea hatari wachache. Hakuna daktari anayeweza kusema mapema mtoto wako atakuwa upande gani. Linalowezekana ni kumwangalia, na hatari hiyo ina kawaida ya kujitokeza mapema: katika wiki chache za kwanza, na kila kipimo kinapobadilishwa.

Wiki ya kwanza

Turudi kwa yule binti. Daktari alimwanzisha kwa miligramu 10 kila asubuhi, baada ya chai. Asubuhi huchaguliwa kwa sababu dawa hii huweza kufukuza usingizi. Kabla ya kuandika, alikuwa amemuuliza mama kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa na vipindi vya furaha kupita kiasi, kukosa usingizi bila kuchoka na kutapanya pesa. Swali hilo si umbea. Familia ikiwa na ugonjwa wa namna hiyo, dawa huweza kumrusha kijana kutoka kwenye huzuni hadi kwenye wazimu wa furaha.

Siku ya tatu binti alisikia kichefuchefu na kichwa kikamgonga. Siku ya tano alilala vibaya. Hayo ni ya kawaida, na mara nyingi huisha yenyewe katika wiki moja au mbili. Dawa haiachwi kwa sababu hiyo.

Mama alikuwa ameshauriwa anunue daftari la kurasa chache. Kila jioni aliandika mambo manne tu: amelala saa ngapi, ametulia au hatulii, hasira zikoje, na amesema nini kuhusu maisha yake. Daftari hilo halina gharama, lakini siku ya kliniki lina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Siku ya kumi

Wiki ya pili kipimo kilipandishwa hadi miligramu 20. Siku ya kumi mama aliona mambo mengine. Binti alikuwa akitembea kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi, usiku wa manane. Akikaa, miguu haitulii. Alimfokea mdogo wake kwa jambo dogo, naye hakuwa na tabia hiyo. Alipoulizwa alijibu, "Mama, ni kama kuna kitu ndani kinanisukuma. Siwezi kukaa."

Baba alidhani ni ukaidi wa ujana. Shangazi alisema ni nafuu imeanza, maana angalau mtoto sasa ana nguvu. Wote wawili walikosea. Kutotulia kwa namna hiyo, kukiwa kumeanza ghafla baada ya dawa au baada ya kuongezwa kipimo, ndiyo dalili ambayo madaktari huihofia. Mtu anakuwa bado na huzuni yake, lakini sasa ana msukumo mwilini usiomwacha apumzike.

Mama alipiga simu siku hiyohiyo, hakungoja tarehe ya kliniki. Daktari aliwaita. Aliuliza kwanza kama binti anakunywa kahawa nyingi au vinywaji vya kuongeza nguvu, anatafuna miraa, anavuta bangi, au amepewa dawa nyingine. Alitaja hasa tramado, dawa ya maumivu, ambayo ikichanganywa na fluoksetini huweza kuleta kutetemeka, homa kali na kuchanganyikiwa. Kisha alimwomba mama atoke nje kidogo, akamuuliza binti waziwazi kama anawaza kujiua. Binti alisema mawazo yamepita mara mbili, lakini hana mpango wowote.

Kipimo kilirudishwa hadi miligramu 10. Daktari alimwonya mama kwamba fluoksetini hukaa mwilini siku nyingi, hivyo msukumo huo hautaisha kesho. Siku zile binti asiachwe peke yake. Dawa ya panya, dawa ya kunyunyizia mboga na tembe zote za nyumbani zifungiwe, na dawa yake itolewe na mama, moja moja. Baada ya wiki moja hivi, binti alitulia. Wiki ya sita alianza tena kuchekesha watu mezani. Kipimo kikaongezwa polepole baadaye, na safari hii hakusumbuka.

Muulize waziwazi

Wazazi wengi huogopa kutaja kujiua wakidhani watampa mtoto wazo. Sivyo. Kijana aliye na mawazo hayo mara nyingi hupata ahueni akiulizwa na mtu asiyemhukumu. Unaweza kusema, "Mwanangu, kuna wakati unatamani ungekuwa haupo?" Kisha nyamaza umsikilize.

Akisema ana mpango au amejaribu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Hapo awali familia ziliogopa kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu hicho cha sheria kinakiuka katiba. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini pia lina laini ya bure, 1199.

Kijana wa bweni

Kanuni iliyopendekezwa wakati onyo lilipotolewa ni kijana aonwe kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, halafu kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha wiki ya 12. Kwa mwanafunzi wa bweni hilo ni gumu. Dawa ikianzwa Jumapili jioni kabla ya kurudi shuleni, hakuna atakayemwona akitembeatembea usiku wa manane.

Ikiwezekana, dawa ianzwe likizo inapoanza. Isipowezekana, omba ruhusa akae nyumbani wiki za mwanzo. Akirudi shuleni, matroni au muuguzi atunze dawa na kuitoa kila asubuhi, na aandikiwe kwenye karatasi dalili tatu za kupigia simu: hatulii, halali, au anazungumza kuhusu kufa.

Asiachishwe ghafla

Baba wa mfano wetu alikuwa na hofu moja zaidi, kwamba mtoto "atazoea dawa". Fluoksetini haimfanyi mtu kuitamani kama pombe au sigara. Hata hivyo, haiachwi ghafla. Kijana akishapona, kwa kawaida huendelea nayo kwa miezi sita hadi 12 ili ugonjwa usirudi, kisha daktari huipunguza taratibu. Na wiki hizo za kupunguza, lile daftari la mama litolewe tena kabatini.